Njaa ya Saa Nane Usiku

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Ngamiani, na vijana mlioacha mpira wa jioni mkaja kukaa kwenye mabenchi haya: asalaam alaykum, na kwa wakubwa wangu wote, shikamooni. Aliyeniomba nizungumze alinipa orodha ndefu iliyoanzia shinikizo la damu na kuishia kwenye macho. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba kwa muda niliopewa ningependa kusema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni njaa inayomwamsha mtu usiku wa manane. Katika miaka niliyofanya kazi ya utabibu kwenye kliniki ya kisukari kabla ya kustaafu, hilo ni swali nililoulizwa mara nyingi, na ni swali ambalo niliwahi kulijibu vibaya.

Nitawapa kisa cha nyumba moja, na nimebadilisha mambo madogomadogo ili wenyewe wasitambulike. Katika nyumba hiyo aliishi mama wa miaka 61, mwenye kisukari kwa miaka tisa, aliyekuwa akijichoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku: yuniti 24 asubuhi na yuniti 14 jioni. Aliishi na mwanawe wa miaka 34, fundi uashi, mtu mwenye nguvu zake ambaye hakuwa na ugonjwa wowote unaojulikana. Wote wawili walikuwa wakiamka na njaa mnamo saa nane usiku. Mara kadhaa walikutana jikoni, mama akiwa amekwisha kuwasha jiko na mwana akifunua bakuli la maandazi yaliyobaki, wakacheka na kusema kwamba hiyo ilikuwa njaa ya ukoo. Kumbe njaa hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote, ingawa zilimfika kila mmoja saa ileile na zikatulizwa na andazi lilelile.

Ili tuzitenganishe, inabidi kwanza tujue sukari ya damu inaishije usiku wakati hakuna anayekula. Damu yote ya mtu mzima ambaye hajala kwa saa kadhaa ina sukari ya gramu nne au tano tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu anaposikia hivyo hushangaa, kwa sababu kwenye kikombe kimoja tu wengi wetu tunatia vijiko viwili au vitatu. Ubongo peke yake hutumia kama gramu tano kila saa, hata tukiwa tumelala. Kwa hesabu hiyo, kama damu ingekuwa mtungi usiojazwa, tungekuwa tumeumaliza kabla usingizi haujakolea. Anayeujaza ni ini. Baada ya chakula, ini huweka akiba ya sukari inayofika kama gramu 100, na usiku huimimina kwenye damu kidogokidogo, kati ya gramu nane na kumi kwa saa. Akiba ikipungua, ini huanza kutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini na mafuta. Ndiyo maana mtu mwenye afya anaweza kula saa moja jioni, asile tena mpaka saa mbili asubuhi, na damu yake ikapimwa wakati wowote katikati ikakutwa kati ya 4 na 6. Tarakimu hizo ni milimoli kwa lita, kipimo ambacho mashine zetu nyingi hapa huonyesha. Ukikuta mashine inayosoma 90 au 110, hiyo inatumia kipimo kingine, nawe gawanya kwa 18 upate namba ya kwetu.

Anayelipa ini ruhusa ya kumimina au kuliamuru linyamaze ni kongosho, kwa kutumia insulini. Chakula kikiingia, kongosho hutoa insulini nyingi, ini husimama, na sukari ya chakula huingia kwenye misuli na mafuta. Chakula kikiisha tumboni, kongosho hupunguza insulini mpaka ikabaki kidogo sana, na ini huendelea na kazi yake. Mazungumzo hayo kati ya kongosho na ini huendelea dakika kwa dakika usiku kucha. Yule mama alikuwa na tatizo hapo hapo, kwa sababu insulini ya kongosho husikiliza, lakini ya sindano haisikii. Ikishaingia chini ya ngozi, itafanya kazi kwa ratiba yake, uwe umekula au hukula.

Insulini yake ilikuwa na sehemu mbili katika kichupa kimoja. Katika kila yuniti 10, tatu ni za ile inayofanya kazi haraka, kwa ajili ya chakula cha wakati huo, na saba ni za ile yenye ukungu, inayoyeyuka polepole. Hii ya polepole hufikia nguvu yake kuu baina ya saa nne na saa kumi tangu kuchomwa. Mama alijichoma saa kumi na mbili na nusu jioni. Hesabuni nami kwa vidole: nguvu kuu huanza saa nne na nusu usiku na kuendelea mpaka karibu na alfajiri. Chakula alichokula saa moja, kama kilikuwa chepesi, kilikuwa kimekwisha kupita kwenye damu kabla ya saa tano. Kwa hiyo kuanzia hapo mpaka alfajiri insulini ilikuwa ikisukuma sukari itoke kwenye damu, na wakati huohuo ikilizuia ini lisimimine, huku tumboni hakuna kilichobaki.

Tena chakula chenyewe kilikuwa kimepunguzwa. Zamani mama huyu alikuwa akila bada kwa kisamvu na dagaa, au wali kwa kunde, na yuniti 14 zilipangwa kwa mlo huo. Kisha jirani, kwa nia njema, akamwambia kwamba mwenye kisukari hapaswi kula kitu kizito usiku. Akaacha bada, akaacha wali, akawa anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha usiozidi kiganja. Sindano ikabaki palepale. Wala sisi kliniki hakutwambia, kwa sababu aliona kwamba kula kidogo ni jambo jema ambalo halihitaji taarifa.

Mwili wa mtu unapoona sukari inashuka kuelekea 3.8 haukai kimya. Hutoa glukagoni ya kulichokoza ini, kisha adrenalini, homoni ileile inayokutoka ukikutana na mbwa mkali kwenye uchochoro. Adrenalini, pamoja na mishipa ya fahamu inayoamka wakati huohuo, ndiyo inayoleta jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, na njaa ya ghafla isiyokubali kusubiri. Hiyo njaa ni kengele. Sukari ikishuka chini ya 3, ubongo wenyewe huanza kukosa chakula, na hapo mtu huweza kusema maneno yasiyoeleweka, kugombana bila sababu, au kukaa akikodoa macho tu. Mama yetu alikuwa na jasho linaloloanisha kanga na njaa iliyompeleka jikoni. Jasho alilisingizia joto la Tanga, na ni nani wa kumlaumu? Mwezi wa pili hapa kwetu kila mtu anaamka amelowa.

Akifika jikoni hatosheki na maandazi mawili. Mtu mwenye njaa ya namna ile hawezi kula kwa kiasi, kwa sababu wanga wa andazi pamoja na mafuta yake huchukua muda kufika kwenye damu, na muda wote huo kengele inaendelea kulia. Akala matatu, akanywa chai yenye sukari, na kwa makisio yangu aliingiza zaidi ya gramu 80 za wanga mahali ambapo gramu 15 au 20 zingetosha kumrudisha. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ilikuwa bado imo kwenye damu asubuhi. Alipojipima alfajiri akaona 13.2, kesho yake 12.7, akaandika kwenye daftari lake na kuniletea.

Na mimi, wazee wangu, niliifungua daftari ile, nikaona namba za asubuhi ziko juu, nikaongeza sindano ya jioni kutoka yuniti 14 hadi 18. Sikumuuliza anakula nini jioni. Sikumuuliza kama anaamka usiku. Niliiona namba ya saa kumi na mbili asubuhi nikadhani inanisimulia usiku wote, na hilo ndilo kosa nililotaja mwanzoni. Siku ya nane baada ya hapo mwanawe alimkuta jikoni ameketi chini, kopo la sukari mapajani, anajitia sukari kinywani kwa mkono, na akimwita hamjibu. Alimpa maji yenye sukari taratibu, kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, na baada ya muda mfupi mama akauliza kwa nini wamesimama hapo.

Walipokuja kesho yake nilikirudisha kipimo cha sindano kwenye 14 na nikawapa stripu chache zaidi za mashine ya mama ya kupimia sukari, ili waweke kengele ya simu saa nane usiku kwa siku tatu. Niliwasihi waoshe mikono na kuikausha kabla ya kutoboa, kwa sababu mtu aliyemenya chungwa la Muheza kisha akatoboa kidole hichohicho anaweza kuona 11 wakati damu yake ina 5. Usiku wa kwanza mama alipima 2.9. Mwana, ambaye naye alikuwa ameamka na njaa yake, alibadilisha sindano ya kutobolea, kama nilivyomwonya, akajipima mwenyewe. Akaona 4.8.

Kwa njaa ya tumboni wasingeweza kujua. Mwana aliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihisi njaa kali zaidi usiku ule. Tone la damu ndilo lililosema ukweli. Kwa mtu anayetumia insulini, au anayemeza glibenklamidi, ambayo hulazimisha kongosho kutoa insulini hata wakati haitakiwi, njaa ya usiku inayokuja na jasho, kutetemeka au ndoto za kutisha haitafsiriwi kwa kukisia. Hupimwa palepale. Na kama mashine haipo, huhesabiwa kwamba sukari imeshuka na kutibiwa hivyo, kwa kuwa kumpa sukari kidogo mtu ambaye hakuihitaji kuna madhara madogo kuliko kumnyima aliyeihitaji.

Namna ya kuitibu ina kipimo chake. Ikisomeka chini ya 4, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, koroga kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Soda ya kawaida nusu glasi, au kijiko kimoja cha mezani cha asali, hufanya kazi hiyohiyo. Kaa dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia kipimo kilekile. Ikivuka, ndipo ule kitu kidogo cha kukaa tumboni, kama kipande cha mkate, ikiwa asubuhi bado iko mbali. Halua, maandazi na chokoleti si dawa ya dakika hizo, ingawa ni vitamu, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari. Mtu akiwa hajitambui au hawezi kumeza, asitiwe kitu kinywani hata kidogo. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu maji yanayoingia kwenye mapafu yanaweza kumuua kabla ya upungufu wa sukari. Aliye na kopo la dawa za kisukari kitandani na aweke kando yake sukari iliyopimwa tayari ndani ya kichupa kikavu. Saa nane usiku, ukiwa na 2.9, hata kifuniko cha kopo huwa kigumu.

Kisha tukashughulikia chanzo. Mama alirudishwa kwenye chakula cha jioni kinachofanana na sindano yake: bada ya kiasi cha ngumi yake, kisamvu kwa wingi, na samaki au kunde. Sindano ya jioni ikashushwa hadi yuniti 12. Nilimwonyesha tena namna ya kuzungusha kichupa taratibu kati ya viganja mara kama 20 mpaka ukungu uenee sawasawa, kwa sababu nilipomwangalia akivuta dawa niligundua kwamba alikuwa akiinua kichupa kama kilivyo, na siku nyingine huenda alichukua zaidi ya ile ya haraka, siku nyingine zaidi ya ile ya polepole. Baada ya wiki moja, saa nane usiku alipima 6.1, na asubuhi 8.0. Mnaona jambo hilo? Tulipunguza dawa, tukaongeza chakula cha jioni, na sukari ya asubuhi ikashuka. Vitabu vya zamani vilieleza kwamba asubuhi hupanda kwa sababu ini hulipiza kisasi baada ya kushushwa usiku. Vipimo vya siku hizi vinavyokaa kwenye mkono usiku kucha vimeonyesha kwamba kisasi hicho hakitokei mara nyingi kama ilivyodhaniwa. Mara nyingi kinachopandisha asubuhi ni kile kilicholiwa usiku, au dawa iliyoisha mapema, au homoni za kuelekea alfajiri, ambazo hulisukuma ini kwa kila mtu.

Tusisahau wale wasioamka kabisa. Ukiwa usingizini, mwili hutoa adrenalini kidogo kuliko ukiwa macho, na aliyeshuka mara nyingi huzoea, akawa hasikii kengele tena. Anayemeza propranololi kwa ajili ya moyo anaweza asihisi moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Kwake yeye jasho ndilo linalobaki kuwa shahidi. Watu hawa huamka asubuhi na kichwa kinauma, foronya imelowa, wamechoka kama waliokesha, na pengine ni mke au mume anayesimulia kwamba mwenzake alipiga kelele usiku. Mzee ambaye figo zake zimechoka yumo hatarini zaidi, kwa kuwa glibenklamidi na insulini hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na anaweza kushuka, akatibiwa, akashuka tena baada ya saa chache. Tena niseme, bila kumtazama mtu yeyote, kwamba mnazi wa jioni hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na mlevi aliyeshuka sukari harufu yake humfanya kila mtu aseme kalewa tu, aachwe alale.

Sasa turudi kwa yule fundi mwenye 4.8, maana nadhani wengi mliomo humu mnafanana naye kuliko mama yake. Alikuwa na hofu kwamba kisukari kimemfika. Nilimwambia kwamba 4.8 saa nane usiku ni namba ya mtu ambaye ini lake linafanya kazi vizuri, na kwamba njaa yake tuitafute kwenye mchana wake. Asubuhi alikunywa chai na vitumbua viwili. Mchana, akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, alikula kachori na soda, au hakula. Akirudi saa kumi na mbili jioni, kwa uchovu, alikunywa vikombe viwili vya chai yenye sukari nyingi kwa maandazi, akalala saa tatu na nusu. Mtu aliyebeba mawe siku nzima alikuwa anaingia usiku akiwa na deni la chakula, na mlo wake wa mwisho ulikuwa sukari na unga mweupe.

Chai tamu kwa maandazi hupandisha sukari haraka. Kongosho zima hujibu kwa nguvu, na baada ya saa mbili au tatu sukari huweza kushuka kidogo chini ya pale ilipoanzia. Haifiki 3, wala si ugonjwa, lakini huwachochea watu fulani wahisi njaa mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowavisha watu zaidi ya 1,000 vipimo vya sukari vya mfululizo, ulionyesha kwamba wale ambao sukari yao ilizama zaidi saa mbili hadi tatu baada ya kula ndio walioona njaa zaidi na kula zaidi baadaye. Huo ulipima hasa kifungua kinywa, kwa hiyo siwezi kuuhamishia usiku wote, na ndiyo maana kwa fundi huyu sikuweka lawama yote kwenye sukari. Mzamo wa saa tatu baada ya chai ya jioni ungemfika kabla ya usingizi kukolea. Kilichomwamsha saa nane kilikuwa kitu kingine.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na homoni hiyo ina tabia ya kujifunza saa. Hupanda kidogo kabla ya wakati ambao mtu amezoea kula. Mnayajua haya wenyewe kutoka Ramadhani. Mwezi mzima mnaamka kula daku, kisha sikukuu inapita, Shawali inaingia, na bado macho yanafunguka saa ileile na tumbo linadai, ingawa jana yake mlikula pilau mpaka mkashindwa kuinuka. Siyo sukari iliyoshuka, ni saa ya tumbo ambayo bado haijarekebishwa. Fundi wetu alianza kuamka kwa deni la kweli, lakini kila alipoamka alikula, na kila alipokula aliifundisha saa hiyo kwamba saa nane ni wakati wa mlo. Baada ya miezi michache angeweza kushiba jioni na bado akaamka.

Nilimpa mambo mawili tu. La kwanza, ale mchana, chakula cha kweli, ugali kwa maharage au wali kwa samaki, hata kama ni kwa mama lishe kando ya kiwanja. La pili, chai yake ya jioni abaki nayo akipenda, lakini iwe baada ya mlo wenye kunde, mbaazi, dagaa au samaki, pamoja na mboga, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hulifanya tumbo litoe chakula polepole, na shibe hudumu. Nilimwonya kwamba wiki ya kwanza ataendelea kuamka, na kwamba akiamka anywe maji arudi kitandani. Alinipa taarifa baada ya wiki tatu. Usiku sita wa mwanzo aliamka kila siku, kisha mara mojamoja, kisha akawa anaamka kwa ajili ya mbu peke yake. Ningewaonya tu msimwige kwa upande wa kunywa maji na kulala ikiwa mnatumia dawa za mama yake.

Ziko njaa nyingine mbili ambazo nitazigusa kwa haraka. Kidonda cha utumbo ule unaofuatia tumbo huuma kwa kuunguza chini ya kifua, mara nyingi kati ya saa sita na saa tisa usiku, na hutulia mtu akila. Watu wengi huiita njaa, wakala biskuti kwa miaka, na wakagundua kidonda siku ya kutapika damu. Ya pili ni njaa ya sukari iliyopanda mno. Mtu ambaye hajajua kwamba ana kisukari anaweza kuamka na njaa kwa sababu sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye mwili. Huyu ana kiu pamoja na hiyo njaa, anakwenda haja ndogo mara tatu au nne kwa usiku, na nguo zinampwaya. Yeye naye dawa yake ya kwanza ni kupimwa, asubuhi kabla ya kula kitu. Ikisomeka 7 au zaidi, ipimwe tena siku nyingine, na zikifanana, hiyo ndiyo namba ya kisukari.

Nilipomaliza kusema haya, mzee mmoja mvuvi wa Sahare aliinua mkono akauliza: yeye huchoma sindano saa moja jioni, anakula, halafu saa tatu anaingia baharini kuvuta nyavu mpaka karibu na alfajiri, je, njaa inayompata huko majini ni ipi kati ya hizi? Nilimjibu kwamba kabla ya kupimwa siwezi kuapa, lakini nisingeshangaa ikiwa ni ya yule mama, kwa kuwa misuli inayovuta nyavu hunywa sukari kwenye damu bila kusubiri insulini, na huendelea kuinywa hata saa kadhaa baada ya kupumzika, huku sindano yake ikiwa kwenye nguvu zake. Nilimwomba aje na mashine yake tupange kipimo cha usiku wa bahari mbali na cha usiku wa nyumbani, na daktari ndiye atakayekiandika. Hadi hapo asiingie majini bila mlo kamili, apime kabla ya kupanda chombo, achukue sukari kwenye kopo lisiloingiza maji, na amwambie nahodha mahali kopo lilipo. Akauliza kama asali inafaa badala ya sukari, maana sukari hulowa baharini. Nikamwambia inafaa, tena asali ya kwenye chupa ndogo ndiyo bora kwake.